`ret` inalaumiwa, kosa liko kwingine: kutafuta tatizo la BTB na RAS

Programu ina kitanzi kidogo. Ukipiga hesabu kwa mkono unaona kingemalizika ndani ya sekunde moja, lakini kinachukua mbili. Data yote inaenea kwenye kashe, hakuna kusoma diski, hakuna kufuli linalogombewa. Unapima kwa `perf`, unakuta `branch-misses`, yaani mara ambazo mruko ulikisiwa vibaya, ziko juu, ilhali kitanzi hakina `if` yoyote ya kutatanisha.

Wengi wakifika hapo huanza kupangua masharti moja moja, na siku inaisha bila nafuu. Swali la "sharti hili litakuwa kweli au la" lina kifaa chake ndani ya prosesa, na safari hii kifaa hicho hakina kosa. Kuna swali la pili: mruko ukitokea, unakwenda wapi? Hilo hujibiwa na BTB, yaani branch target buffer, jedwali la shabaha za miruko, na RAS, yaani return address stack, rundo la anwani za kurudia. Ndizo tutakazozikagua hapa.

## Kila moja inakisia nini

Prosesa huchota amri kabla ya kuzijua. Inapochota kipande cha msimbo kwenye anwani fulani, baiti zile bado hazijafasiriwa, kwa hiyo haijui kama ndani yake mna mruko. Hata hivyo mzunguko wa saa unaofuata ni lazima iwe na anwani nyingine ya kuchota. Ikikisia vibaya na kugundua baadaye, wakati amri inatekelezwa, kazi yote iliyofanywa njiani inatupwa na mizunguko kama 15 hadi 20 imekwenda bure.

BTB ni jedwali linalosomwa kwa kutumia hiyo hiyo anwani ya kuchota. Linajibu mambo mawili kwa pamoja: hapa pana mruko wa aina fulani, na mara ya mwisho ulikwenda pale. Kwa mruko ambao shabaha yake imeandikwa ndani ya amri yenyewe, kama `call` ya kawaida au `jmp` ya kufunga kitanzi, jibu halibadiliki. BTB ikiuona mara moja inaupatia siku zote, mradi nafasi yake haijachukuliwa na mruko mwingine.

`ret`, amri ya kurudi kwa aliyeita fanksheni, ndiyo inayovuruga mpango huo. Chukua fanksheni ndogo inayoitwa kutoka sehemu mbili, A na B, kwa zamu. Amri ya `ret` ni moja na anwani yake ni moja, kwa hiyo ina mstari mmoja tu kwenye BTB. Ikirudi A, BTB inaandika A. Mara inayofuata inapaswa kurudi B, BTB inasema A. Inasahihishwa, inaandika B, na safari ya tatu ni ya A. Kwa zamu ya namna hiyo, jedwali linalokumbuka shabaha ya mwisho peke yake linakosea kila mara, bila kubahatisha hata moja.

RAS inalitazama jambo kwa upande mwingine. Ni rundo dogo la anwani ndani ya prosesa. Kila `call` inapochotwa, anwani ya amri inayoifuata inawekwa juu ya rundo. Kila `ret` inapochotwa, ya juu kabisa inaondolewa na ndiyo inayokisiwa. Haina haja na historia ya hiyo `ret`. Inachokijua ni nani aliyeita mwisho na bado hajarudiwa. Kwa A na B inapatia kila safari, hata ya kwanza.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba marejeo yote ni ya RAS na mengine yote ni ya BTB. Sivyo. RAS haina njia ya kujua kwamba kwenye anwani hii pana `ret`. Anayeijulisha ni BTB: mstari wake unasema "aina ni kurudi", na anwani inachukuliwa kutoka juu ya RAS. Kwa `call` ni vivyo hivyo, BTB ndiyo inayosema mapema kwamba rundo liongezwe. Moja inajua mruko uko wapi, nyingine inajua pa kurudi, na kila `ret` inayokisiwa kwa wakati imepita mikononi mwa zote mbili.

## Pima kabla ya kugusa chochote

Anza na jumla, kisha tafuta ni amri ipi makosa yanaiangukia. Kwenye Intel:

```
perf stat -e branches:u,branch-misses:u ./programu
perf record -e branch-misses:pp ./programu
perf annotate
```

Hiyo `:pp` ni muhimu, kwani bila yake sampuli huteleza na kuangukia amri za mbele, mara nyingi zile za mahali mruko ulipotua, nawe unalaumu amri isiyohusika. Kwenye AMD za familia ya Zen `:pp` haifanyi kazi kwa `branch-misses`, lakini kuna vihesabio viwili vinavyokupa jibu la marejeo moja kwa moja:

```
perf stat -e ex_ret_near_ret:u,ex_ret_near_ret_mispred:u ./programu
```

Ukiona `<not supported>` huenda uko ndani ya mashine pepe ambayo haikupewa vihesabio. Hamia kwenye mashine halisi; kubahatisha hapa hakuna faida.

Sasa tazama makosa yameangukia wapi. Kama ni kwenye `ret`, uko kwenye RAS. Kama ni kwenye `jmp` au `call` inayosoma shabaha kutoka rejista au kumbukumbu, uko kwenye BTB. Kama `branch-misses` ni chache lakini prosesa bado inakosa amri za kutekeleza, nenda dalili ya tatu.

## Dalili ya kwanza: makosa yamelundikana kwenye `ret`

Hii ndiyo nitakayokaa nayo sana, kwa sababu ndiyo inayodanganya. Kosa la BTB huonekana palepale lilipo. Kosa la RAS huonekana kwa mwingine.

Nilikutana nalo nikiandika kizalishaji cha msimbo kwa lugha yangu ndogo. Nilitaka kila fanksheni ya ndani kabisa iitazame anwani ya kurudia kabla ya kutoka, ili nijue nani ameiita. Nikaandika hivi:

```
main:  call P
r1:    ...
P:     call Q
r2:    ret
Q:     call R
r3:    ret
R:     pop rcx
       jmp rcx
```

Kwa mantiki ya programu, `pop rcx` na `jmp rcx` ni sawa kabisa na `ret`. Matokeo yalikuwa sahihi. Kasi ndiyo iliyopotea, na `perf annotate` ilinyoosha kidole kwa Q na P, ambazo hazina kasoro yoyote.

Fuata rundo hatua kwa hatua. `main` inaita P, RAS inapata r1. P inaita Q, juu yake inakaa r2. Q inaita R, juu yake inakaa r3. R inatoka kwa `jmp rcx`. Hiyo si `ret`, kwa hiyo RAS haiondoi kitu, r3 inabaki juu. Mruko wenyewe unakisiwa na BTB, na kwa kuwa R huitwa kutoka Q peke yake, shabaha ni r3 siku zote na BTB inapatia. R inaonekana haina hatia.

Sasa Q inafanya `ret`. RAS inatoa r3, ukweli ni r2. Kosa. P inafanya `ret`. RAS inatoa r2, ukweli ni r1. Kosa tena. Tukirudi `main`, r1 imebaki kwenye rundo bila mwenyewe, na mzunguko ujao wa kitanzi utaacha r1 nyingine juu yake. Kitanzi kikizunguka mara nyingi kuliko ukubwa wa rundo, anwani halali za waliomwita `main` zinafunikwa zote, na marejeo yao nayo yanakosea.

Kusahihishwa kwa kosa hakurekebishi mpangilio. Prosesa ikigundua kwamba `ret` ya Q ilikisiwa vibaya, inarudisha RAS ilivyopaswa kuwa baada ya hiyo `ret`, yaani pungufu kwa moja, lakini ile r3 ya ziada imeshausogeza mpangilio wote hatua moja. Kila `ret` ya nje itaendelea kusoma anwani ya jirani yake.

Gharama yake inahesabika. Makosa mawili kwa mzunguko, mizunguko ya kitanzi milioni 100, mizunguko ya saa 15 kwa kila kosa: jumla bilioni 3. Kwenye prosesa ya gigahazi 3 hiyo ni sekunde nzima, ile ile iliyokuwa imezidi.

Kuna kipimo kinachokamata kosa hili bila kusoma msimbo hata mstari mmoja. Hesabu miito na marejeo:

```
perf stat -e br_inst_retired.near_call:u,br_inst_retired.near_return:u ./programu
```

Kwenye programu nzima hesabu hizi mbili hukaribiana sana. Hapa kila mzunguko ulikuwa na miito mitatu na marejeo mawili. Ukiona pengo kama hilo, kuna mahali mtu anatoka bila `ret`, au anatumia `ret` kurukia mahali ambapo hakuitwa. Mtafute aliye ndani zaidi ya `ret` zinazokosea, usihangaike na zenyewe.

Tiba yangu ilikuwa ndogo: `mov rcx, [rsp]` kisha `ret`. Anwani imesomwa, rundo limebaki sawa. Hata kama ungetaka kuibadilisha anwani ya kurudia, kuandika juu ya `[rsp]` kisha kufanya `ret` kunagharimu kosa moja tu palepale, kwa kuwa RAS imeondoa kitu kimoja kama inavyopaswa na walio nje hawaguswi. Ila fahamu kwamba kwenye prosesa zenye rundo kivuli, nakala iliyolindwa ya anwani za kurudia ambayo kila `ret` hulinganishwa nayo, ulinzi ambao Linux iliwaruhusu watumiaji wa x86 kuanzia toleo la 6.6, mambo yote mawili hayapiti: kuibadilisha anwani ya kurudia, na hata ile `pop` na `jmp` yangu. Huko ulinzi ukiwashwa programu haicheleweshwi, inauawa.

Kosa hili lina sura yake kwa kila familia ya prosesa. Kwenye AArch64, `br x30` na `ret` zinafika pamoja, lakini `ret` ndiyo inayoiambia prosesa kwamba huku ni kurudi. Kwenye RISC-V hakuna amri maalumu ya kurudi. Prosesa inatazama kama `jalr` imetumia `x1` au `x5`, kwa hiyo mwandishi wa kompaila akichagua rejista nyingine kwa anwani ya kurudia, RAS haitajua kitu. Kwenye x86 ya biti 32 kuna mbinu ya zamani ya kuita amri inayofuata kisha kufanya `pop`, ili kujua msimbo uko anwani gani. Prosesa nyingi zimefundishwa kuitambua, lakini GCC imechagua njia safi zaidi: inaita fanksheni ndogo, `__x86.get_pc_thunk.bx`, inayosoma anwani na kutoka kwa `ret` ya kweli.

Kama miito na marejeo yako sawa na bado `ret` zinakosea, kuna mambo mengine ya kuangalia.

La kwanza ni kina. RAS ina nafasi chache: 16 kwenye Skylake ya Intel, 32 kwenye Zen za AMD. Fanksheni inayojiita hadi kina cha 40 kwenye Skylake itasahau anwani 24 za chini. Wakati wa kurudi, 16 za kwanza zinapatia, kisha rundo limekauka. Lakini nionavyo mimi sababu hii inalaumiwa kuliko inavyostahili. Kama fanksheni inajiita kutoka mahali pamoja tu, anwani zote za kurudia ni ile ile moja, na Skylake, ambayo RAS ikikauka huigeukia BTB, inapatia bado. Kwenye mti uliosawazika, nusu ya vifundo ni majani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kupanda na kushuka inafanyika huko chini ndani ya nafasi zilizopo. Wanaoumia kweli ni wachambuzi wa sarufi wenye fanksheni nyingi zinazoitana kwa zamu kwa kina kirefu. Ukitaka uhakika, badilisha kina cha data ya majaribio: 8, 16, 24, 32, 40. Kama ni RAS kujaa, makosa yatakuwa karibu na sifuri kisha yataanza kupanda ghafla karibu na ukubwa wa rundo. Yakibaki vilevile kwa kina chochote, sababu ni nyingine.

La pili ni kubadilisha rundo la programu katikati ya safari, kama wafanyavyo wanaoendesha kazi nyingi ndogo ndani ya uzi mmoja. Unabadilisha `rsp`, lakini RAS haikubadilika. Bado ina anwani za kazi uliyoiacha. Kila `ret` ya kazi mpya itakosea mpaka ianze kuita upya. Hapa hakuna tiba kamili. Kinachosaidia ni kuachia zamu ukiwa na miito michache juu yako, ili marejeo ya kukosea yawe mawili badala ya kumi.

La tatu ni makosa ya makusudi. Baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre kutangazwa Januari 2018, kompaila zilianza kubadilisha miruko ya kupitia rejista kuwa muundo uitwao retpolini: `call` inayosukuma anwani ya kitanzi cha mtego, kisha kuandika shabaha halisi juu ya `[rsp]`, kisha `ret`. RAS inakisia mtego, ukweli ni kwingine, na kosa hilo ndilo kinga yenyewe, maana ukisio hautoki kwenye BTB ambayo mshambuliaji anaweza kuipotosha. Tazama kwamba `call` na `ret` zimelingana, ndiyo maana walio nje hawavurugiki. Kwa hiyo ukiona makosa ndani ya `__x86_indirect_thunk_rax`, usijaribu kuyaondoa kwa kupanga msimbo upya. Punguza miruko ya kupitia rejista kwenye njia inayotumika sana.

## Dalili ya pili: makosa yako kwenye `jmp` au `call` ya kupitia rejista

Hapa RAS haina la kufanya, kwa sababu huku si kurudi. BTB peke yake ndiyo inayokisia, na amri yenye shabaha nyingi inaisumbua kama `ret` ya A na B ilivyoisumbua. Mfano wa kawaida ni programu inayotekeleza lugha nyingine kwa `switch` moja kubwa: mruko mmoja, shabaha mia. Tiba ya jadi ni kunakili mruko huo mwisho wa kila tawi, ili kila tawi liwe na mstari wake kwenye BTB na likumbuke ni lipi hulifuata. Prosesa za karibuni huchanganya anwani na historia ya miruko iliyopita, na kwa Intel tangu Haswell ya 2013 faida ya kunakili imepungua sana. Pima kwanza kwenye mashine yako.

Kama ni `call` ambayo karibu mara zote huenda kwenye fanksheni moja, ilinganishe anwani na hiyo fanksheni kwanza kisha iite kwa jina. GCC hufanya hivyo yenyewe ukiipa rekodi ya matumizi kwa `-fprofile-generate` na baadaye `-fprofile-use`.

## Dalili ya tatu: makosa machache, lakini amri hazifiki

Programu kubwa, mfano hifadhidata yenye msimbo wa megabaiti kadhaa, inaweza kuwa na miruko mingi kuliko nafasi za BTB. Zen 2 ina nafasi 512 kwenye ngazi ya kwanza na 7168 kwenye ya pili. Kiini cha Golden Cove cha Intel kina kama elfu 12. Mruko usio na mstari hauonekani wakati wa kuchota. Prosesa inaendelea mbele moja kwa moja, kisha kifasiri kinakuta `jmp` na kusema tumepitiliza. Shabaha imeandikwa ndani ya amri, kwa hiyo inasahihishwa palepale, kabla ya kutekelezwa. Hasara ni ndogo kuliko kosa kamili, na `branch-misses` haiihesabu. Kwenye Intel utaiona hapa:

```
perf stat -e baclears.any:u,branches:u ./programu
```

Hapa pia RAS inaathirika bila kuwa na kosa. `ret` ambayo mstari wake umefutwa kwenye BTB inatambuliwa na kifasiri tu. Anwani iliyo juu ya RAS ni sahihi, lakini imeulizwa imechelewa.

Tiba ni kuipunguzia BTB mzigo. Kwenye miundo mingi sharti ambalo halijawahi kuruka halichukui nafasi, kwa hiyo panga msimbo ili njia ya kawaida ishuke moja kwa moja na ushughulikiaji wa makosa uwe ndio unaoruka. Zihamishe fanksheni za nadra mbali kwa `__attribute__((cold))`. Usipanue vitanzi na kupachika fanksheni kila mahali kwa kudhani unaongeza kasi. Kila nakala ya fanksheni huja na miruko yake, na kila mruko unaorukwa unadai mstari wake. Ukishabadilisha, pima `baclears.any` tena kwa data ile ile. Ikishuka na muda ukabaki vilevile, BTB haikuwa inayokuchelewesha. Tafuta kwenye kashe ya amri.